Damu baada ya hedhi kukoma: usiridhike kwa sababu imekauka, uliza kama utando umepimwa

Shangazi yangu aliacha kuona siku zake akiwa na miaka 51. Miaka kumi na miwili baadaye, asubuhi moja ya Januari, aliona doa la kahawia kwenye nguo ya ndani, dogo kama punje ya harage. Jana yake alikuwa amebeba ndoo mbili za maji, basi akasema kiuno kimeshtuka. Kesho yake doa halikurudi, naye hakumwambia mtu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya wanawake na tulikuwa tukizungumza kwa simu karibu kila Jumapili, lakini hata mimi hakuniambia.

Kipimo kilichotoa jibu la kweli alikuja kukifanya Septemba. Katika miezi ile minane alikuwa ametibiwa mara mbili, na mara zote mbili damu ilikauka. Ndicho kilichotuchelewesha, kule kukauka. Kila damu ilipokata, yeye na waliomhudumia waliona kwamba shida imekwisha, na hakuna aliyekuwa ameutazama utando wa ndani ya mfuko wa uzazi. Naandika hatua zilivyopaswa kufuatana tangu doa lile la kwanza, ili mama mwingine azifuate, au binti yake amshike mkono azifuate naye.

Ni damu ipi tunayoizungumzia

Hedhi huhesabika kuwa imekoma mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, mradi hakuna dawa au njia ya uzazi wa mpango iliyoizuia. Baada ya hapo damu yoyote inayotoka ukeni inahitaji uchunguzi. Iwe tone moja, iwe doa la kahawia, iwe ute wenye rangi ya waridi au maji mekundu kama ya kuoshea nyama, zote zinaingia. Wanawake wengi husubiri mpaka iwe nyingi, wakidhani wingi ndio hatari. Wingi hausaidii kutofautisha. Nimeona mama aliyejaza pedi akakutwa na polipu, yaani kinyama kilichoning'inia ndani, kisicho na madhara, na nimeona aliyekuwa na matone mawili kwa mwezi akakutwa na saratani.

Kuna maneno tunayofarijiana nayo: hedhi imerudi, ni damu ya uzee, ni ujana unarudi. Ovari zilizolala miaka mitano au kumi na miwili haziamki zikaleta hedhi. Mwanamke anayetumia vidonge vya homoni vya kupunguza dalili za kukoma hedhi anaweza kuona damu katika miezi ya mwanzo ya dawa, na hilo amwambie daktari aliyemwandikia. Wengine wote waichukulie damu hiyo kuwa ni dalili.

Muda wa kufika hospitali ni siku chache, isizidi wiki mbili. Ikiwa inalowesha pedi nzima kwa saa moja, au unaona kizunguzungu, mapigo ya moyo yanakwenda mbio na viganja vimepauka, nenda siku hiyo hiyo, hata usiku.

Kwa nini utando ndio unaoulizwa

Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi umefunikwa na utando laini. Mwanamke akiwa bado anapata hedhi, homoni ya estrojeni huukuza utando huo kila mwezi, projesteroni huukomaza, kisha unabomoka na kutoka kama damu. Hedhi ikishakoma, homoni zote mbili hushuka, na utando hubaki mwembamba kama karatasi. Utando wa namna hiyo hauna cha kumwaga. Ukiona damu, basi ama wembamba wenyewe umezidi mpaka vijishipa vinavuja, ama kuna kitu kimeota.

Kwa wengi ni hilo la kwanza. Uke na utando husinyaa kwa kukosa estrojeni na kuchubuka kwa urahisi. Wengine hukutwa na polipu, au utando uliokua kupita kiasi. Tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa zinaonyesha kwamba katika kila wanawake 100 wanaotokwa na damu baada ya hedhi kukoma, takriban 9 wana saratani ya utando. Ukianzia upande wa pili hesabu ni nzito zaidi: katika kila wanawake 100 wenye saratani hiyo, takriban 90 walitokwa na damu.

Hesabu hiyo ya pili ndiyo bahati yetu. Saratani nyingi hujificha mpaka zisambae, lakini hii inaota ndani ya chumba chenye mlango, na ikianza kumomonyoka damu hutafuta njia ya kutokea mapema, mara nyingi ugonjwa ukiwa bado umo ndani ya mfuko wa uzazi. Ikikamatwa hapo, zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishafika kwenye mapafu au ini, ni takriban wawili katika kumi.

Mambo yanayoongeza uwezekano wa saratani hii ni yale yanayoupa utando estrojeni bila projesteroni ya kuutuliza. Unene ni la kwanza, kwa sababu mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni hata ovari zikiwa zimelala. Kisukari huambatana nao. Kutowahi kuzaa, kuwa na historia ya hedhi zinazoruka miezi mingi ujanani, na kutumia vidonge vya estrojeni peke yake pia vimo. Tamoksifeni, dawa inayotumiwa na waliougua saratani ya matiti, huzuia estrojeni kwenye titi lakini kwenye utando huweza kufanya kazi kama estrojeni, kwa hiyo anayeimeza aripoti hata doa. Na ukoo wenye saratani ya utumbo mpana na ya mfuko wa uzazi kwa ndugu wa karibu utajwe waziwazi.

Shangazi alikuwa na kilo 92 na alikuwa akimeza metfomini kwa ajili ya sukari. Angekuwa mwembamba asiye na sukari, hatua zingebaki zile zile.

Kabla hujatoka nyumbani

Andika kwenye karatasi mwaka uliopata hedhi ya mwisho, tarehe ulizoona damu, rangi yake, na kama ilikuja yenyewe au baada ya tendo la ndoa. Weka dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za presha, za kuzuia damu kuganda kama wafarini, na za mitishamba. Huna haja ya kuona haya kwa ajili ya dawa za asili. Anayekupima anahitaji kujua kilichoingia mwilini.

Kama huna hakika damu inatoka wapi, vaa pedi nyeupe au kitambaa safi ukaangalie. Damu ya mkojo huonekana unapojisaidia na pedi hubaki safi. Ya bawasiri hufuatana na choo. Lakini zoezi hilo lisikuwekee wiki tatu. Ukibaki na shaka, hesabu kwamba imetoka ukeni.

Kuna makosa matatu ya kujiepusha nayo hapa. Usisubiri damu ikauke ndipo uende. Akina mama wengi huniambia waliona vibaya kupimwa wakiwa na damu. Anayepima ameshaizoea, na damu haizuii vipimo hivi. Usiingize ukeni kitunguu saumu, shabu wala dawa ya kujisafisha, maana huunguza uke na kuongeza chanzo kingine cha damu. La tatu ndilo lililomgharimu shangazi: usinunue duka la dawa vidonge vya norethisteroni vya kukata damu. Vidonge hivi hufanya kazi kama projesteroni. Huituliza damu bila kuondoa kilichoileta, na huubadilisha utando kiasi kwamba kinyama, yaani kipande cha utando cha kupimwa maabara, kikichukuliwa baadaye kinaweza kusomeka vibaya. Daktari anaweza kukupa dawa ya kukata damu ikiwa unavuja sana; hapo aandike kwenye faili ni dawa gani na uliianza lini.

Kitandani, kabla ya mashine yoyote

Uchunguzi unaanza kwa macho. Mhudumu huangalia sehemu za nje na tundu la mkojo, kisha huingiza spekulamu, kifaa cha kupanua uke, aone kuta za uke na mlango wa kizazi. Afrika Mashariki hatua hii ina uzito wake, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na nayo hutoa damu baada ya hedhi kukoma. Mlango wenye kidonda au uvimbe unaotoka damu ukiguswa huchukuliwa kinyama hapo hapo.

Hapa pia ndipo wengi wanapopotea. Kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi, au kile cha kuchukua seli kwa kijiti, kinachunguza mlango wa kizazi. Hakiingii chumbani. Mwanamke anaweza kuambiwa "mlango wako ni mzima" huku saratani inaota sentimita chache juu yake. Nimepokea akina mama wenye karatasi hiyo mkononi, wamerudishwa nyumbani wakiamini wamepimwa saratani zote za kizazi. Karatasi hiyo ni jibu la swali jingine.

Mwezi wa Machi damu ya shangazi ilirudi kwa siku tatu. Kituo alichokwenda kilipima mkojo, kikaona chembechembe chache, kikampa dawa za maambukizi kwa siku saba. Hakuna aliyemlaza kitandani. Damu ikakauka. Kwa umri ule kupata maambukizi ya mkojo ni jambo la kawaida, hata mtu mwenye saratani anaweza kuwa nayo. Kukuta maambukizi hakufuti haja ya kuutazama utando. Mwezi wa Mei ikarudi tena, naye akaenda duka la dawa badala ya kituo, akauziwa vile vidonge vya norethisteroni, ikakauka tena.

Ultrasaundi: namba moja tu unayoitafuta

Kipimo cha kwanza cha utando kwa kawaida ni ultrasaundi ya njia ya uke. Kibofu kinatakiwa kiwe kitupu. Kifimbo chembamba kilichovikwa kondomu na kupakwa jeli huingizwa ukeni taratibu, na picha huwa karibu kuliko ile ya juu ya tumbo. Hakina mionzi. Ile ya tumboni, unayonyweshwa maji mengi, inafaa kuona uvimbe mkubwa lakini mara nyingi haitoshi kupima utando, hasa kwa mama mnene. Ambaye hajawahi kuingiliwa au ambaye uke umebana sana aseme mapema. Daktari atachagua njia nyingine, na mama huyo hatalazimishwa.

Mpimaji hutafuta mfuko wa uzazi kwa urefu wake, kisha hupima unene wa utando pale ulipo mnene zaidi, pande zote mbili zikiwa pamoja, kwa milimita. Kama kuna maji katikati hayahesabiwi. Kwenye karatasi nyingi namba hiyo huandikwa mbele ya herufi ET. Ndiyo unayoitafuta. Karatasi inayosema tu "mfuko wa uzazi wa kawaida kwa umri" bila milimita haijajibu swali. Ya kwanza ya shangazi, aliyopigwa Julai juu ya tumbo, iliandikwa hivyo hivyo, nayo ikamrudisha nyumbani akiwa na furaha.

Utando wa milimita 4 au chini yake, ulioonekana vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mwanamke aliyetokwa na damu mara moja tu, unafanya uwezekano wa saratani uwe mdogo sana, chini ya mmoja katika mia kwenye tafiti zilizoweka kipimo hicho. Daktari anaweza kusema tusubiri bila kuchukua kinyama. Ukizidi milimita 4, kinyama kichukuliwe.

Lakini namba 4 ina mipaka, na kwetu mipaka hiyo ina uzito wa pekee. Uvimbe wa faibroidi, ambao ni mwingi kwa wanawake weusi, husukuma na kufunika utando usionekane wote. Namba inayotolewa hapo haina thamani, na mpimaji mkweli huandika kwamba utando haukuonekana vizuri. Halafu zipo saratani za aina kali ambazo hazinenepeshi utando. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024 uliwaangalia wanawake weusi zaidi ya 1,400 waliotolewa mfuko wa uzazi, na katika wale 210 waliokutwa na saratani ya utando, takriban mmoja kati ya tisa alikuwa na utando chini ya milimita 5. Hao wangetegemea ultrasaundi peke yake wangeambiwa wapumzike.

Kwa hiyo mimi huwaambia ndugu zangu hivi: namba ndogo inakubalika pale tu utando ulipoonekana wote, damu imetoka mara moja na haijarudi. Kukiwa na faibroidi, damu ya kurudiarudia, tamoksifeni, au unene na kisukari kwa pamoja, ombeni kinyama hata kama namba ni ndogo. Na pale ambapo ultrasaundi ya njia ya uke haipatikani, daktari anaweza kuanza moja kwa moja na kinyama. Hakuna ulazima wa kusubiri mashine itengenezwe.

Ultrasaundi ya pili ya shangazi, ya njia ya uke, ilisoma milimita 14.

Kuchukua kinyama

Kifaa kinachotumika sana huitwa pipeli. Ni mrija wa plastiki laini, mwembamba kama milimita 3, wenye kishikio cha kuvutia ndani. Unaingizwa kupitia mlango wa kizazi mpaka juu, kishikio kinavutwa, kisha mrija unazungushwa huku ukisogezwa mbele na nyuma ili ukusanye vipande vya utando kutoka pande zote. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, kwenye kitanda cha kliniki, bila kulazwa.

Inauma. Wahudumu wenzangu hupenda kusema "utasikia kidogo tu", na mama akishtuka anahisi amedanganywa. Ni maumivu ya kubana kama ya hedhi kali, hudumu wakati mrija uko ndani na kupungua ndani ya dakika. Ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla husaidia, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Huyo aulize apewe nini. Omba pia dawa ya ganzi kwenye mlango wa kizazi kama ipo. Una haki ya kusema simama, na anayefanya lazima asimame.

Kwa mwanamke wa umri mkubwa mlango wa kizazi huweza kuwa umebana mpaka mrija usipite. Hilo likitokea kazi haijafanyika, hata kama umeumia. Unapangiwa siku nyingine, mlango ulainishwe kwa dawa au upanuliwe ukiwa umelazwa usingizi chumba cha upasuaji, na utando ukwanguliwe huko. Bora zaidi, pale penye kifaa, ni histeroskopi: kamera nyembamba inayoingia ndani ili daktari aone anachokikata. Pipeli hugusa sehemu ndogo tu ya utando, na polipu au kidonda kidogo cha kona moja kinaweza kupitwa. Macho ya kamera huyaona.

Baada ya kinyama, matone ya damu kwa siku moja au mbili ni ya kawaida. Homa, uchafu wenye harufu au maumivu yanayozidi siku hadi siku yanakurudisha hospitali.

Sasa jambo ambalo vitabu haviligusi sana. Katika hospitali zetu nyingi mgonjwa au ndugu yake hukabidhiwa kichupa apeleke mwenyewe maabara ya patholojia, pengine mji mwingine. Kinyama lazima kizame chote ndani ya fomalini, dawa ya kukihifadhi, na fomalini iwe takriban mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kikiwekwa kwenye maji, spiriti isiyofaa au pamba kavu, kinaoza njiani na maabara haitaona kitu. Angalia kifuniko kimekaza, kisha soma lebo mwenyewe: jina lako lote, umri, tarehe, na kwamba ni utando wa mfuko wa uzazi. Fomu iseme wazi kuwa umetokwa na damu baada ya hedhi kukoma na itaje dawa za homoni ulizotumia. Ukifika maabara omba namba ya kumbukumbu na tarehe ya majibu. Piga picha fomu kwa simu. Shangazi alipelekewa kichupa na mwanawe kwa basi, na kwa kuwa alikuwa na namba ile, majibu yalipochelewa aliweza kuyafuatilia.

Kusoma jibu

Jibu likisema sampuli haitoshi, usilisome kama "hakuna ugonjwa". Limesema maabara haikupata cha kusoma. Kwa mama mwenye utando mwembamba ulioonekana wote, ambaye damu imeacha, huenda hapakuwa na cha kuchukua, na daktari anaweza kutulia. Kwa mwenye utando mnene au damu inayoendelea, kinyama kirudiwe, ikiwezekana kwa kamera.

Likisema utando umesinyaa, ni habari njema, na ukavu wa uke unatibiwa kwa vilainishi au krimu ya estrojeni ya ukeni ambayo daktari huandika kwa dozi ndogo.

Likisema utando umekua kupita kiasi, tafuta maneno mawili yanayofuata: pamoja na atipia, au bila atipia. Atipia ni seli zilizoanza kupoteza umbo lao la kawaida. Bila atipia, ni wachache wanaofikia saratani, chini ya watano katika mia kwa miaka 20, na tiba ni projesteroni, kwa vidonge au kitanzi chenye homoni, kisha kinyama kinarudiwa baada ya miezi sita. Hapo norethisteroni au ndugu zake wana nafasi yao halali, baada ya utando kusomwa. Pamoja na atipia, hali ni nyingine kabisa: kwa wasio wachache saratani imeshaanza mahali ambapo mrija haukugusa, kwa hiyo mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi hushauriwa kutolewa mfuko wa uzazi pamoja na mirija na ovari.

Jibu la shangazi lilikuwa saratani ya utando, daraja la kwanza, yaani aina inayokua polepole. Akapigwa picha za kifua na tumbo, kisha akafanyiwa upasuaji wa kutoa mfuko wa uzazi, mirija na ovari. Maabara ikakuta saratani imeingia chini ya nusu ya unene wa msuli wa mfuko wa uzazi na haijatoka nje yake. Hakuhitaji mionzi. Daraja na kina vikiwa zaidi ya hapo, mionzi hufuata, na kwa Tanzania hiyo hutolewa sehemu chache, kama Ocean Road Dar es Salaam na Bugando Mwanza. Ndiyo maana rufaa iombwe mara jibu linapotoka: zahanati haina uwezo wa hatua hizi, hospitali ya wilaya huweza ultrasaundi, lakini kinyama na patholojia mara nyingi ni za mkoa au kanda. Ukiambiwa uanze upya kila ngazi, onyesha karatasi zako.

Damu ikirudi baada ya jibu safi

Hapa wengi huona haya kurudi, wakidhani watawachosha wahudumu. Jibu safi la Machi halijibu damu ya Agosti. Utando mwembamba kwenye ultrasaundi, au kinyama kilichosoma kusinyaa, vikifuatiwa na damu nyingine, vinampeleka mwanamke kwenye kinyama kipya, safari hii kwa kamera kama ipo, kwa sababu kilichopitwa mara ya kwanza ndicho kinachotafutwa. Mhudumu akisema "si tulishakupima?", mwambie tarehe ya kipimo na tarehe ya damu mpya, umwombe aziandike zote mbili kwenye faili.

Shangazi sasa hurudi kliniki kila baada ya miezi minne, na atafanya hivyo mpaka mwaka wa pili uishe, kisha kila miezi sita. Hapigwi picha kila mara. Anaulizwa kama ameona damu, anapimwa tumbo na mwisho wa juu wa uke kwa spekulamu na kidole, kwa kuwa ugonjwa ukirudi hupenda kuanzia hapo. Mwezi uliopita jirani yake wa miaka 58 alimwendea faragha akamwambia ameona doa la waridi, na kwamba tayari limekauka. Shangazi alimpa kalamu aandike tarehe, na Jumatatu yake wakapanda gari pamoja.